Masta, sebule na jiko Changanyikeni, nyuma ya Mlimani: 280,000 kwa mwezi, hakuna dalali

Napangisha nyumba ndogo ndani ya uzio wenye nyumba nne. Chumba ni masta, choo na bafu ndani, kitanda cha tano kwa sita kinaingia na kabati linabaki na nafasi. Sebule ni ya wastani: kochi la watu watatu, meza ya kusomea na friji, basi. Jiko ni jembamba, lina sinki na kabati la chini, mtungi wa gesi unakaa nje kwenye kibanda chake. Taizi chini, madirisha ya aluminiamu yenye nyavu na nondo. LUKU yako peke yako.

Mahali. Tupo Changanyikeni, upande wa nyuma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukitembea kwa mwendo wa kawaida unafika Ukumbi wa Nkrumah kwa kama dakika 25, na kurudi ni kirefu kidogo kwa sababu ya mlima. Wanaosoma Chuo cha Takwimu wapo karibu zaidi, kwa hao ni mwendo wa dakika chache. Wa Ardhi hesabuni bajaji. Daladala za kupitia Mwenge zipo barabarani, asubuhi zinajaa mapema.

Njia ya mkato ya kuingia chuoni ina vichaka. Mchana wanafunzi wanapita makundi kwa makundi, lakini ukitoka maktaba usiku chukua bodaboda, usiipite peke yako. Na kutoka lami mpaka getini kwetu ni vumbi. Masika ni tope, gari ya chini inabaki juu kwa jirani. Pikipiki inafika siku zote.

Sasa maji, ambayo najua ndiyo swali lenu la kwanza. Matangazo mengi ya huku huandikwa "maji masaa 24". Mimi siandiki hivyo. Matangi makubwa yanayopokea maji ya Ruvu Chini yapo hapo hapo chuoni, ila sisi tumekaa kwenye mwinuko, presha ya bomba la mtaani huchoka kabla ya kutufikia. Kwa kawaida maji ya bomba yanatoka mara mbili kwa wiki, mara nyingi usiku wa manane. Bomba la uani likianza kupuliza upepo na kukohoa, ujue yako njiani. Naishi nyumba ya mbele, kwa hiyo kufungua koki na kuwasha pampu ni kazi yangu, wewe lala.

Yanapanda kwenye simtanki la lita 5,000 tunalotumia wote. Uani tupo kama watu wanane, na likijaa linatufikisha siku tisa hadi kumi kama hakuna anayefua kwa fujo. Jikoni na bafuni kwako yanatoka kwenye tangi hilo. Bomba la mvua lina presha ndogo kwa sababu mnara si mrefu, wengi wanaishia kuoga kwa ndoo. Kila nyumba ina mita yake ndogo, unalipa ulichotumia.

Kiangazi, hasa Septemba hadi Novemba, bomba linaweza kukauka wiki mbili. Waliokuwa Dar Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mji mzima ukaingia kwenye mgao, wanajua hali ilivyokuwa. Hapo tunaita boza, na gharama tunagawana nyumba nne. Kiangazi kilichopita kila nyumba ilichangia 20,000 kwa boza moja. Njoo na pipa au diaba mbili za akiba. Maji ya kisima hatutumii, ya huku yana chumvi. Ya kunywa chemsha au nunua.

Kodi ni 280,000, malipo ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 1,680,000. Mwanafunzi anayelipa kwa awamu za mkopo tuzungumze, miezi mitatu naweza kukubali ila si mmoja. Taka ni 5,000 kwa mwezi. Mkataba tunaandikishana serikali ya mtaa, njoo na kitambulisho. Mnaweza kukaa wawili. Wa tatu hapana, kwa sababu ya hayo maji. Wageni ruhusa, muziki mwisho saa nne usiku.

Ipo wazi kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao. Kuangalia ni bure, Jumamosi na Jumapili kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Niandikie ujumbe kupitia tangazo hili nikuelekeze. Ukifika fungua bomba mwenyewe, na wapangaji waliopo waulize nisipokuwepo.