Baba Nasra, ukiamka usome hii

Assalam alaikum mume wangu. Hapa Tanga saa nne usiku, huko Seattle saa tano asubuhi na najua ndo usingizi umekukolea, kwa hiyo sikupigii, naandika tu uikute ukiamka. Usishtuke ukadhani kuna jambo, sote hatujambo, Nasra mzima, mama mzima, ni mimi tu nimekumiss na leo imenizidi.

Unajua tangu warudishe saa nyuma huko mwanzoni mwa mwezi huu mi sijakaa sawa. Tulikuwa tunapishana masaa kumi, nshazoea, ukitoka shifti saa kumi na mbili na nusu asubuhi huku saa kumi na nusu jioni, unga nshakanda nimeufunika, nakaa pale kwenye kibaraza tunaongea mpaka unafika kwako. Sasa masaa kumi na moja, ukitoka wewe huku saa kumi na moja na nusu, mafuta yashachemka, wateja wa maandazi wamejaa mlangoni na huyu anataka chenji na yule anauliza vitumbua viko wapi, nakuskia unasema haloo haloo nabaki nasema nakupigia baadae baba Nasra, na hiyo baadae ndo haipo, maana nikimaliza kuosha vyombo wewe ushalala. Lisaa limoja tu jamani. Na ukiangalia saa ya ukutani, kwangu nne kwako tano, ungesema uko hapo karibu tu.

Ila nakuomba kitu kimoja, usijilazimishe kukaa macho kwa ajili yangu. Juzi ulisinzia katikati ya maneno, nkakuskia unakoroma, sikukata simu, nkaiweka kwenye mto nikasikiliza mpaka bando likaisha. Nilifurahi na niliumia pia, maana mtu anayebeba maboksi usiku kucha anatakiwa alale. Halafu umenambia sa hivi jua linazama saa kumi na nusu jioni na wewe unaamka saa tisa, yani mwanga wa siku nzima unaupata lisaa na nusu! Ukiamka toka nje kwanza, hata kama kamvua kanadondoka, simu yangu itasubiri.

Mi nikwambie ukweli, sikosi maneno yako tu, voisi unazoniachia nazisikiliza nikikanda unga, ile ya kwenye basi nimeirudia sijui mara ngapi. Nakukosa wewe mwenyewe ukiwa hapa bila kusema kitu. Leo nimenunua machungwa ya Muheza, nkachukua kisu nimenye kama unavyomenya wewe, ganda refu moja linazunguka mpaka chini halikatiki, halafu unakata kile kifuniko cha juu unanipa mimi kwanza kabla hujamenya la kwako. La kwangu lilikatika katika vipande vipande, nkakaa nalo mkononi pale jikoni machozi yakanitoka, mama akaniuliza una nini nkasema kitunguu, na kitunguu chenyewe hakipo. Hakuna simu inayoweza kunimenyea chungwa baba Nasra.

Na mwanao nae sa hivi jua likizama anasema "limeenda kwa baba". Nkamwambia ndio, linamuendea, likifika kwake ndo baba anapata kulala. Akasema kwa hiyo lisimpige machoni. Sijui nani kamfundisha kusema hivyo, anakutafuta kwa kila namna yule mtoto.

Sasa nimefikiria hivi. Ijumaa usiku huendi kazini. Ijumaa yako saa moja usiku, kwangu inakuwa Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, shule hakuna na maandazi ya asubuhi sipiki siku hiyo, nshamwambia na mama. Huo uwe muda wetu, kila wiki, usiuguse mtu, ukialikwa popote waambie una mkeo. Bando nitaweka Ijumaa mchana kabisa. Nusu saa ya kwanza iwe ya mimi na wewe kabla sijamwamsha Nasra, maana akiamka simu ni yake na mimi nabaki kuona dari tu anavyoizungusha. Siku zingine zote tuachiane voisi, wewe sema chochote, hata umekula nini, hata bosi kasema nini, na ukichoka usitume, nikiona tiki za bluu nitajua umesoma na uko salama.

Nakupenda sana mume wangu, na subra ninayo, usije ukafikiri nimechoka kukusubiri. Kula kabla hujatoka, sio mpaka ufike kazini. Na lile koti zito ulilonunua livae, usinambie hakuna baridi wakati kwenye picha nimeona pua nyekundu. Jumamosi saa kumi na mbili, inshallah.

Mama Nasra wako