Kuhusu ile nafasi ya kulinganisha malipo (na bosi wangu anajua)

Habari ya asubuhi madam, ni mimi wa kastoma kea, yule tulikutana kwa lifti wiki jana ukaniambia nikuandikie badala ya kukuelezea mambo nusu nusu na mlango unafunguka.

Ni ile nafasi ya kulinganisha malipo kule fedha, iliyobandikwa Jumatatu. Naitaka. Lakini kabla hatujaenda mbali, bosi wangu anajua. Nilimwambia jana saa tisa shifti ikiisha, tukiwa wawili tu, na hakufurahi sana lakini hakukataa, alisema tu nisimwache na simu zikilia bila mtu. Nakwambia hivi kwa sababu mwaka jana mwenzetu alihama na bosi akajua kwa imeili kama watu wengine wote, na hiyo wiki hakuna mtu alitaka kukaa karibu na meza yake. Kwa hivyo tafadhali ukinijibu kitu rasmi kama tarehe ya intavyuu, muweke pia kwa imeili. Yale ya mshahara tu ndio naomba yabaki kati yangu na wewe kwanza.

Sasa kwa nini mimi. Miaka mitatu nimekuwa nikipokea simu za watu wamelipa intaneti kwa Paybill na bado wamekatiwa. Ukiangalia, pesa imefika, iko tu kwa ile akaunti ya pesa zisizo na mwenyewe kwa sababu mtu alikosea namba ya akaunti. Na makosa yenyewe hurudia. Namba zetu ni tarakimu tupu, lakini mtu anaona sifuri anaandika herufi O, kwa hivyo 104060 inaingia kama 1O4O6O na mfumo hauijui. Nilikuwa nazirekebisha kwa mkono moja moja mpaka nikachoka, nikatengeneza shiti yangu ya Ekseli, safu ya kwanza ni hii:

```
=SUBSTITUTE(UPPER(B2),"O","0")
```

Halafu inatafutwa kwa orodha ya wateja, na ikipatikana bado naangalia jina la aliyelipa kabla sijaituma fedha, kwa sababu pesa ikiingia kwa akaunti ya jirani hiyo ni kesi ingine kabisa. Sio kitu ya ajabu, lakini wale wa fedha wenyewe siku hizi wananipigia kuniuliza. Masomo pia yanaendelea, niko CPA jioni, Faundesheni nimemaliza. Sivii nimeiweka kwa imeili hii.

Nina maswali, na ukijibu kwa meseji fupi ni sawa. Hii ni transfa ya daraja lile lile ama mshahara unabadilika? Naanza upya ile miezi ya majaribio, ama hii miaka mitatu inahesabika? Na zile siku zangu 9 za likizo zimebaki kati ya 21, zinanifuata ama zinakwama huku? Mambo yakikubalika ningeomba barua mpya iliyo na kazi mpya na tarehe, sio maneno ya koridoni. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka mkataba ukibadilika mashauriano yafanyike na mfanyakazi ajulishwe kwa maandishi. Usinione mjuaji tafadhali, nimesoma tu.

Nikiitwa intavyuu, shifti yangu ni saa moja asubuhi hadi saa tisa, kwa hivyo saa tisa na nusu iko sawa, sitaki kutoroka simu. Na nikikosa, naomba niambiwe wazi, nitarudi kwa hedseti yangu bila kinyongo.

Asante sana madam.

---

(kwa bosi, dakika tano baadaye)

Bosi salama? Kama tulivyoongea jana, nimemwandikia yule madam wa kuajiri sasa hivi. Nimemwambia unajua, na nikamwomba akuweke kwa imeili za intavyuu ndio usisikie kwa watu. Hakuna tarehe bado. Nikipata, ningeomba wiki nne kabla nihame, mbili za kwanza nikae na yule kijana mpya wa shifti ya mchana nimwonyeshe ile shiti, maana saa hii ni mimi tu naielewa na hilo ni kosa langu. Kama hizo wiki nne ni kidogo niambie leo, kabla sijaahidi watu wa fedha tarehe.

Na yule mzee wa Umoja aliyepiga mara sita jana, pesa yake tumeipata, aliandika namba ya simu badala ya akaunti. Amewashiwa, nimemwambia.