Maelezo kwa wageni wetu: harusi ya Rahma na Salim, Limbani, Wete, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wa bibi harusi tunafuraha kukupokea. Nikaha ni Jumamosi, 9 Januari 2027, inshaallah, nyumbani kwetu Limbani. Kadi ya mwaliko umeshaipata. Hii ni ya kukuongoza njiani na kukutoa wasiwasi ukifika. Ndugu wengi wa bwana harusi wanatoka Unguja na hawajapata kufika Wete, na wengine wanatoka Dar, Tanga na Mombasa. Tafadhali isomeni hadi mwisho, na muwasomee wazee wasiotumia simu.

SAFARI

Ombi letu kubwa ni hili: fikeni Ijumaa, msingoje Jumamosi. Boti ikichelewa au bahari ikichafuka, aliyesafiri siku ya nikaha yenyewe atakuta sahani zimeoshwa. Jumanne yake, 12 Januari, ni sikukuu ya Mapinduzi, na wiki ile watu husafiri kwa wingi baina ya Unguja na Pemba. Kateni tiketi mapema, ya kwenda na ya kurudi pamoja. Anayetarajia kupata nafasi ya kurudi akiwa huku huku Pemba atajikuta amekaa Mkoani na mabegi yake.

Kwa boti, mnapandia bandari ya Malindi, Unguja, na kuteremkia Mkoani, kusini ya kisiwa. Chukueni kitambulisho; mgeni kutoka nje ya nchi, paspoti. Mkishaivuka Nungwi bahari huwa na mawimbi hata siku ya jua, kwa hiyo anayechafukwa na moyo asile kizito asubuhi, na akae katikati ya boti, sehemu ya chini. Walioko Tanga na Mombasa, tafadhalini msivuke kwa jahazi wala kiboti cha mtu binafsi kwa ajili ya kuwahi au kupunguza nauli. Tunawataka mfike salama, hata mkichelewa.

Mkoani mtazikuta kosta mbili zetu nje ya geti la bandari, zimefungwa kitambaa cha kijani mbele ya kioo. Hizo hamlipi nauli. Kutoka Mkoani hadi Wete ni karibu kilomita 60, mnapita Chake Chake. Hesabuni saa moja na nusu hadi mbili. Mzee au mama mwenye mtoto mchanga apewe kiti cha mbele, na dereva ameshaambiwa. Ukizikosa kosta, panda gari ya abiria ya Mkoani hadi Chake, kisha pale Chake panda ya Wete na umwambie utingo akuteremshe Limbani. Usiku gari hizo hupungua sana, basi usiliache jua likazama ukiwa Chake.

Kwa ndege, uwanja wa Pemba uko jirani na Chake Chake. Ndege ni ndogo, na mizigo hupimwa. Ulizeni kilo mnazoruhusiwa kabla ya kufunga begi. Tujulisheni saa ya kufika tumtume kijana na gari.

SAA NA SHUGHULI

Ijumaa 8 Januari, baada ya Isha, ni hina. Ni usiku wa kuamkia Jumamosi, wa wanawake watupu, kwa shangazi yake bibi harusi, nyumba ya pili kutoka kwetu. Tunaanza saa 2:30. Mpaka piko mtatiwa, anayetaka. Waje wenye subira, kwani wapakaji ni wawili tu.

Jumamosi asubuhi chai ni wazi kwa wote kuanzia saa 1: mkate wa mofa, mbaazi za nazi, maandazi. Wanaume wanaombwa wawe msikitini Limbani kabla ya sala ya Alasiri, kwani nikaha inasomwa papo hapo baada ya sala, mnamo saa 10:30. Haitamngoja mtu. Ikishasomwa kuna halua na kahawa barazani, halafu bwana harusi anasindikizwa kwenda kumpa mkono bibi harusi. Wanaoingia naye ndani ni wale waliotajwa na wazee wa pande mbili. Wengine mtabaki barazani, biriani itawafuata huko huko baada ya Magharibi.

Sherehe ya wanawake inaanza saa 2:30 usiku chini ya turubai, uwanja wa nyuma, na bibi harusi anatolewa saa 4. Saa 6 tunafunga. Mtaani kuna wagonjwa na wazee, na tumewaahidi.

MAVAZI

Wanaume: kanzu nyeupe na kofia. Koti si lazima. Januari ni kaskazi, joto ni kali. Asiye Muislamu avae suruali ndefu na shati la mikono, viti vyake viko barazani mbele ya msikiti na atasikia kila kitu.

Wanawake usiku wa hina mtavaa kanga za sare, za kijani na nyeupe. Doti mtapewa mkifika, ni zawadi ya bibi yake bibi harusi, msinunue. Jumamosi hatukuweka sare. Tumeona harusi ambazo mtu amekopa ili apate kitambaa, na hatutaki mgeni wetu aingie deni kwa ajili ya furaha yetu. Vaeni lililo zuri mlilonalo. Njiani na mtaani, buibui au dera na mtandio. Chini ya turubai ni wanawake wenyewe kwa wenyewe, vueni buibui mpambike mnavyotaka.

Kwa sababu hiyo hiyo, simu hazipigi picha ndani, si ya bibi harusi wala ya mgeni yeyote. Mlangoni kuna mabinti wawili wenye mifuko midogo yenye nambari. Unatia simu yako, unapewa kikaratasi, unaichukua ukitoka. Mpigapicha ni mwanamke, na picha zake hazitoki bila ya idhini ya mwenyewe. Kuna mama atakayevua mtandio wake usiku ule kwa kutuamini sisi. Tunaomba sana jambo hili lisivunjwe hata na ndugu wa karibu.

MALAZI

Hakuna mgeni atakayekosa pa kulala. Wanawake na watoto watalala nyumbani kwetu na nyumba tatu za jirani. Vijana wa kiume watalala kwa ami yake bibi harusi, upande wa pili wa barabara. Magodoro na vyandarua vipo. Njooni na shuka na taulo. Maji ya bomba hayatoki siku zote, lakini mapipa yatajazwa. Wazee wasioweza kulala chini tumewawekea vitanda, tuambieni tu ni nani. Anayetaka chumba chake mwenyewe, gesti ziko Wete mjini na Chake pia. Tutawasaidia kushika nafasi mkitueleza mapema.

Thibitisheni kabla ya Jumapili 20 Disemba 2026, kwa WhatsApp ya nambari iliyokutumia kadi hii: mko wangapi, mnakuja kwa boti au ndege, na kama kuna mwenye sukari au presha, apikiwe chakula chake. Watoto waje. Vyombo msibebe, njia ni ndefu. Mwenye kutaka kutunza, mama mkubwa wa bibi harusi ana daftari.

Kosta za kurudi Mkoani zitaondoka Jumapili 10 na Jumatatu 11 Januari. Saa itatangazwa usiku wa kabla yake, tukishahakikisha boti inaondoka lini.