Mwaliko wa Arusi ya Zuhura na Hamisi, Amu, Desemba 2026

Bismillahir Rahmanir Rahim

UKURASA WA KIAMU

Assalamu alaikum.

Kwa ndugu zetu wa Mumias, jamaa za Mzee Juma Makokha na Mama Rukia, na kwa jamaa zetu wa Amu, wa Langoni na Mkomani, wake kwa waume.

Kiyana wetu Hamisi aya kumuowa mwana wetu Zuhura, siku ya Ijumaa, tarehe 18 Desemba 2026, mwezi wa Rajabu 1448, Mungu akipenda. Ndooni mushuhudie. Ndooni na wazee, ndooni na wana. Mukiya mmoya mmoya au mukiya mui mzima, nafasi iko.

Ndia ni ndefu, twayua. Mukishuka mashuani mutatukuta forodhani, na zombo zenu tutatukuwa sisi. Nyumba hini ni yenu tangu siku mulopeleka posa.

Wenu, Athmani na Bi Mwanamkuu,
wazazi wa Zuhura, Langoni, Amu.

UKURASA WA KISWAHILI SANIFU

Assalamu alaikum, na mulembe kwenu nyote.

Athmani na Bi Mwanamkuu wa Langoni, Lamu, pamoja na Mzee Juma Makokha na Mama Rukia wa Mumias, wana furaha kuwaalika kwenye harusi ya watoto wao,

Zuhura binti Athmani
na
Hamisi bin Juma Makokha.

Nikahi itasomwa siku ya Ijumaa, tarehe 18 Desemba 2026, saa kumi na nusu jioni, katika Msikiti wa Riyadha, Langoni, mjini Lamu.

Kadi hii ni moja, na kurasa zote mbili zimetoka kwetu kwa moyo mmoja. Ule wa Kiamu umewataja watu wa Mumias kwanza kwa sababu mgeni hutangulizwa. Huu wa sanifu, ambao Mzee Juma atawasomea wazee wa kwake, umeanza na wenyeji ili mjue ni nani anayewapokea. Aliye Lamu na aliye Mumias asome wowote anaoupenda, na asome na wa mwenzake.

Ndugu zetu, mtuwie radhi kadi hii kuwa ndefu. Jamaa wa Lamu akiambiwa kuna arusi Langoni, hahitaji zaidi ya siku na saa. Nyinyi mnatoka mbali, wengi wenu hamjawahi kuvuka bahari, na hatutaki mtu abaki nyumbani kwa kutojua atakavyofika, atalala wapi au atavaa nini. Kwa hiyo tumeyaandika yote hapa.

Wafanyabiashara wa pwani walifika Mumias katika karne ya 19, enzi za Nabongo Mumia, kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, na wenyeji wenu wakawapa mahali pa kukaa. Sisi wenyewe tulipowajia mwaka huu kuwaona wazee mlitufanyia hivyohivyo. Mlitupisha vitandani mwenu. Mlitukaangia kuku, na mkampa mzee wetu kipande cha heshima bila kuuliza nani mkubwa, mlikuwa mmekwisha kuangalia wenyewe. Hatujasahau. Tunawaomba mtupe nafasi ya kuwapokea nasi.

Safari. Basi mtakalokodi likitoka Mumias Jumatatu jioni, tarehe 14, litafika Mombasa siku ya pili yake. Mlale Mombasa, msiunganishe. Jamaa zetu wa Kisauni wameandaa nyumba mbili, moja ya kina mama na watoto, nyingine ya wanaume, na chakula cha usiku kitakuwa tayari. Jumatano muondoke alfajiri mpite Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Ni zaidi ya kilomita 300, na barabara hiyo ina vizuizi vya polisi, kwa hiyo kila mtu mzima awe na kitambulisho chake mfukoni, si ndani ya sanduku lililofungwa juu ya basi. Wazazi wabebe vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Mokowe ndiyo mwisho wa gari. Lamu ni kisiwa na basi lenu litabaki bara, mahali penye mlinzi. Hapo gatini mtawakuta vijana wetu sita na boti mbili, nauli imekwisha kulipwa, asiwatoze mtu. Kila abiria atavaa jaketi okozi, mtoto na mzee, hata bahari ikiwa shwari. Nyanya Khadija, ambaye tumeambiwa anaogopa maji, atapanda boti kubwa, akae katikati, na Bi Mwanamkuu mwenyewe atakuwa pembeni yake kutoka Mokowe hadi forodhani. Akiona bado hawezi, atapumzika kwa jamaa zetu palepale Mokowe mpaka moyo utulie. Hakuna atakayemharakisha.

Mjini hakuna magari. Vichochoro ni vyembamba, mizigo itabebwa na punda na mikokoteni, na mnapotembea mkisikia mtu nyuma yenu akipaza sauti kuomba njia, jibanzeni ukutani punda apite. Vaeni viatu visivyo na kisigino kirefu. Kutoka forodhani hadi nyumbani ni mwendo mfupi, na kwa wazee kuna viti njiani kwenye baraza za majirani, ambao wameshaambiwa nyinyi ni nani.

Malazi. Tumetenga nyumba tatu Langoni, zote karibu na kwetu. Hamtalipa chochote. Kila nyumba ina mama mmoja wa kwetu atakayelala humo, ili mtu akitaka maji ya moto usiku au dawa, awe na wa kumwambia.

Mambo ya arusi yenyewe yataanza Alhamisi. Asubuhi bibi harusi atapakwa hina pamoja na somo wake, na kina mama wa Mumias wanaombwa waingie ndani, wasikae uani kama wageni. Atakayetaka hina naye atapakwa. Alasiri wanaume watacheza kirumbizi, mchezo wa fimbo, kwenye uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome. Vijana wenu wakitaka kuingia uwanjani, waingie, watafundishwa. Usiku ni zamu ya wanawake na vugo, nao watapita mitaani wakigonga pembe na kuimba. Tumewaomba waimbaji wetu waache nafasi katikati, ili mama zake Hamisi waimbe nyimbo zao za Kiwanga. Mama Rukia, tafadhali uje nazo. Zuhura ameziuliza.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, wanaume watakaa msikitini kwa nikahi. Mzee Juma atakaa safu moja na baba wa Zuhura. Ikisha kusomwa, itagawiwa halua na kahawa tungu, kisha tutakwenda pamoja kwenye kombe la wanaume, biriani ya mbuzi. Wanawake watakuwa nyumbani wakati huo na chakula chao ni hichohicho, hakitacheleweshwa. Usiku bwana harusi ataletwa nyumbani kwa mkewe kwa shangwe. Kwa desturi ya Lamu, mume huingia nyumba ya mke na hukaa fungate humo. Tumelizungumza jambo hili na Mzee Juma, na tunalirudia hapa ili asiwepo jamaa atakayedhani tumemnyang'anya kijana wake. Fungate ikiisha, Hamisi atamleta Zuhura Mumias, na nyinyi mtamfanyia desturi zenu zote kama mnavyotaka. Sisi tutakuja kama wageni.

Jumamosi usiku ni kupamba. Ni shughuli ya wanawake peke yao, bibi harusi huvishwa, hupambwa kwa dhahabu na asumini, akakalishwa juu kutazamwa. Tunawasihi sana kina mama na dada: simu zote zitaachwa mlangoni kwa mama atakayezihifadhi kwa majina. Wanawake watakuwa wamevua mabuibui, na picha moja ikitoka nje ya ukumbi humvunjia heshima mtu asiye na kosa. Hili halina msamaha kwa wageni wala kwa wenyeji. Picha za kumbukumbu zitapigwa Jumapili asubuhi, familia zote mbili pamoja, baharini, kila mtu akiwa amevaa apendavyo kuonekana.

Mavazi. Hakuna anayelazimika kushona nguo mpya. Kina mama, dira au gauni refu na leso ya kujitanda zinatosha, na buibui si sharti kwenu. Kina baba, shati safi na suruali zinatosha, anayetaka kanzu avae. Kofia msinunue. Kwa kila mzee wa Mumias imeshonwa kofia ya Kiamu kwa mkono, nayo ni zawadi yake ya kurudi nayo nyumbani. Mchukue nguo nyepesi, Desemba ni joto.

Tunajua kwamba miongoni mwa jamaa za Hamisi wamo Wakristo, wajomba zake na shangazi zake waliomlea. Mwaliko huu ni wenu vilevile. Wakati nikahi inasomwa, mtaketi kwenye baraza iliyo mkabala na msikiti, pamoja na babu mmoja wa kwetu, na vipaza sauti vitawafikishia kila neno. Baada ya hapo hakuna meza yenu na meza yetu. Anayetaka kusali Jumapili ataonyeshwa kanisa lililopo mjini, na picha zitasubiri arudi.

Chakula kitakuwa cha pwani: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa mofa, mahamri na mbaazi asubuhi. Lakini jikoni kuna sima na mboga za majani kila siku, na kuku wa kienyeji, kwa kuwa mtu akiwa safarini siku kadhaa hutamani chakula cha kwao. Mwenye kisukari au presha, au asiyeweza kula kitu fulani, atuarifu mapema apikiwe chake.

Zawadi si lazima. Safari yenu ni gharama tosha, na tungependa fedha hizo mzitumie kumleta mtu mmoja zaidi.

Tunaomba Mzee Juma atuletee hesabu ya wageni kufikia Jumapili, tarehe 15 Novemba 2026: wanawake wangapi, wanaume wangapi, watoto wangapi, na nani hawezi kupanda ngazi, maana nyumba za Lamu ni za ghorofa na vyumba vya chini tutawawekea hao. Atakayeamua kuja baada ya tarehe hiyo aje tu, asione haya, ila atuambie kabla hajafika Mokowe ili boti imsubiri.

Kurudi ni Jumatatu, tarehe 21, boti ya kwanza baada ya sala ya alfajiri. Mtafungiwa chakula cha njiani.

Wenu katika undugu,

Athmani na Bi Mwanamkuu, wazazi wa Zuhura, Lamu
Mzee Juma Makokha na Mama Rukia, wazazi wa Hamisi, Mumias