Utaratibu wa kemikali labu yetu, walimu na wanafunzi wote tusome

Habari zenu walimu wenzangu na nyie wanangu wa kidato cha tatu na cha nne. Praktiko za titresheni zinaanza jumatatu so hii inabandikwa mlangoni, na asiyeisoma haingii.

Funguo za stoo ninazo mimi na mwalimu wa zamu basi, mwanafunzi haingii stoo hata akitumwa na mwalimu mkuu. Asidi zinakaa shelfu ya chini kabisa ndani ya trei ya plastiki, ukiweka juu ya kichwa ikidondoka inakuangukia usoni. Naitriki asidi ikae mbali na spiriti na asetiki, hao wakikutana ni moto. Pamanganeti isikae jirani na gliserini. Sodiamu inabaki ndani ya mafuta ya taa, na silva naitreti chupa ya kahawia maana mwanga unaiharibu.

Lebo sasa, hapa ndo tunazingua. Mhula uliopita mtu alihifadhi NaOH kwenye chupa ya soda, bila lebo, kijana katoka mpirani na kiu yake akaishika, bahati nikamwona. Kuanzia leo chupa za vinywaji ni MARUFUKU. Kila chupa iandikwe jina, nguvu yake (mfano HCl 0.1 M), tarehe, alama ya hatari na nani kaitengeneza, juu yake upige selotepu maana joto na jasho la mikono linafuta wino. Usiyoijua usinuse wala usikisie, niletee.

Kupunguza asidi kali ni kazi ya mwalimu, ASIDI INAINGIA KWENYE MAJI, taratibu huku unakoroga, sio maji kwenye asidi, H2SO4 inachemka ghafla inakurukia. Pipeti ni kwa pampu, sio mdomo, najua wengine tulifundishwa hivyo zamani lakini imepita.

Ikimwagika: piga kelele, watu wasogee, fungua madirisha. Asidi kidogo unaimwagia sodiamu baikaboneti mpaka povu liishe ndo unafuta na glavu. Ikiwa nyingi zungushia mchanga mkavu, ule wa ndoo nyekundu, sio ule wa ziwani mmetoka kuuchota umeloa. Sodiamu usiiguse na maji kabisa! Kemikali ikiingia jichoni suuza na maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kope zikiwa wazi, huku mwingine anamkimbilia mwalimu, halafu hospitali. Ngozi hivyohivyo, nguo iliyolowa ivuliwe hapohapo, aibu baadae.

Kwa hiyo bomba likikata na lile pipa la lita 200 halijajaa hakuna praktiko, tusigombane.

Wanafunzi 20 kwa zamu, mwalimu mmoja na fundi wa labu muda wote, akitoka mmoja kazi inasimama. Miwani, koti, viatu vya kufunika, ndala hapana, nywele zifungwe, msosi nje. Mabaki yanaingia kwenye dumu lenye lebo, usimwage mtaroni, mtaro wetu unashuka ziwani na huko ndo tunakula sato.