Yah: Kuja kliniki kuzungumzia majibu ya kipimo cha kinyama

Kliniki ya Matiti
Jumatatu, 9 Machi 2026
SIRI: Ifunguliwe na mhusika mwenyewe

Mpendwa Bi. Mwanaidi,

Majibu ya kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe wa titi lako la kushoto tarehe 24 Februari yametoka. Si ya kawaida. Yanahitaji kufuatiliwa, na kuna hatua za kuchukua. Tunakuomba uje tukueleze ana kwa ana:

Alhamisi, 12 Machi 2026, saa 4:00 asubuhi, chumba namba 6.

Hatuyaandiki hapa kwa sababu ripoti ya maabara pekee haitoshi. Daktari huisoma pamoja na picha zako za ultrasaundi na kukupima tena titi na kwapa, ndipo aweze kusema ina maana gani kwako. Ukitaka kujua kama ni saratani, uliza waziwazi, utajibiwa waziwazi. Usipotaka kusikia yote siku hiyo, sema pia, tutakwenda kwa mwendo wako.

Hii si dharura ya kukimbilia hospitali usiku huu. Lakini tafadhali usiiahirishe kwa wiki kadhaa, maana mipango mingine inasubiri mazungumzo haya. Tumekutengea dakika 45. Daktari aliyekuhudumia atakuwepo, pamoja na muuguzi atakayebaki nawe baada ya hapo kwa maswali yanayokuja baadaye.

Njoo na mtu unayemwamini ukipenda. Katika mazungumzo ya aina hii mengi hupita bila kushikwa, na sikio la pili husaidia sana. Ukipenda kuja peke yako, ni sawa. Hatutamweleza mtu yeyote, hata wa nyumbani, bila ruhusa yako.

Leta picha za ultrasaundi ulizo nazo na dawa zote unazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na za asili, kwa kuwa baadhi huongeza kutoka damu au hugongana na dawa za hospitali. Andika maswali yako kwenye karatasi. Kula kama kawaida na usiache dawa zako za kila siku. Hakuna upasuaji siku hiyo.

Kidonda cha sindano kikivimba zaidi, kikitoa usaha, au ukipata homa, usingoje Alhamisi, njoo siku hiyohiyo. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuachia. Isipokata, njoo mara moja.

Kama siku hiyo haikufai, au nauli ni tatizo, piga namba iliyo kwenye kadi yako ya kliniki, umwombe muuguzi wa kliniki ya matiti. Tutakupangia nafasi nyingine wiki hiihii. Tusipokuona Alhamisi, muuguzi atakupigia Ijumaa asubuhi kwa namba uliyotuachia, na atazungumza na wewe tu.

Wako,
Daktari wa zamu
Kliniki ya Matiti