Choo cha kijani, cha mbegumbegu, cha kila saa: maswali ya akina mama wanaonyonyesha

Maswali haya yametoka kwenye benchi la kliniki ya watoto, Mbagala, mama wakisubiri zamu ya mizani. Wengi wenu mmejifungua mara ya kwanza, na nyumbani kila mtu ana lake la kusema juu ya choo cha mtoto. Ninajibu nikiwa muuguzi mkunga. Nimeyaweka maswali karibu kama yalivyoulizwa, maana mama mwingine atajikuta humo.

Sista, shikamoo. Mwanangu ana siku 9. Kila akinyonya anapata choo, jana nimebadilisha nepi kama mara kumi. Ni laini, cha njano, kina vitu kama mbegu. Bibi yake anasema anaharisha. Ni kweli?

Marahaba, mama. Haharishi. Hicho ndicho choo cha mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake, na mtoto wa umri huo anaweza kukipata kila baada ya kunyonya. Tumbo likipokea maziwa, utumbo nao unaanza kusukuma kilichokuwa ndani, ndiyo maana unamsikia anajisaidia hata kabla hajaachia titi. Zile mbegumbegu ni mabonge madogo ya maziwa yaliyoganda ambayo hayakusagika yote. Choo hicho hakina harufu kali, na kinaweza kutoka kwa kishindo hadi kikapita pembeni ya nepi. Hiyo nayo ni kawaida.

Bibi simlaumu. Huenda analinganisha na mtoto anayekunywa maziwa ya kopo, ambaye choo chake ni kizito, cha rangi ya kahawia, na kinanuka zaidi. Watoto hao wawili hawapimwi kwa kipimo kimoja.

Siku zako za mwanzo zilipaswa kwenda hivi: siku ya 1 na ya 2 choo cheusi kinachonata kama lami, siku ya 3 na ya 4 kikageuka kijani au kahawia na kuwa chepesi, na kufika siku ya 5 kikawa njano. Mtoto ambaye siku ya 5 bado anatoa cheusi aletwe aonwe, kwa sababu mara nyingi hiyo ni dalili kwamba maziwa hayamfikii ya kutosha. Wako ameshapita hapo. Kama anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku, ananyonya kwa nguvu na uzito unapanda, choo mara kumi kwako kiwe kazi ya kufua tu, si ugonjwa.

Wangu ana wiki tano. Choo kilikuwa njano, sasa siku tatu ni kijani. Nimeambiwa amepata ubaridi, wengine wanasema ni mchango.

Niulize kwanza: amechangamka, ananyonya, anakojoa? Umeniambia ndiyo kwa yote matatu, basi tulia nikueleze.

Rangi ya choo inatokana na nyongo, na nyongo ni ya kijani. Maziwa yakipita taratibu kwenye utumbo, ule ukijani unabadilika na kuwa njano. Yakipita haraka, choo kinatoka kabla rangi haijageuka. Kwa hiyo kijani mara nyingi kinakuambia mwendo wa utumbo tu.

Mwendo huo unaharakishwa na nini? Ninaloliona sana ni mama kumhamisha mtoto titi mapema. Maziwa yanayotoka mwanzo ni mepesi na yana sukari nyingi, na kadiri titi linavyoendelea kumwagika ndivyo mafuta yanavyoongezeka. Mtoto akionja kulia dakika chache, kisha kushoto dakika chache, anajaza tumbo kwa yale mepesi. Anajaa gesi, anajinyonganyonga, na choo kinatoka cha kijani chenye povu. Mwache amalize titi moja hadi aliachie mwenyewe au lilainike kabisa, ndipo umpe la pili. Fanya hivyo siku mbili tatu na utaona. Mama mwenye maziwa mengi sana, yanayomrukia mtoto hadi anapaliwa, atahitaji tumsaidie namna ya kumpakata, kwa hiyo aje tumtazame akinyonyesha.

Mafua pia huleta choo cha kijani chenye ute kidogo, kwa kuwa mtoto anameza makamasi. Mtoto anayepewa matone ya madini chuma anaweza kutoa kijani kizito au cheusi. Aliyewekwa kwenye taa za kutibu manjano hospitalini naye hutoa kijani siku hizo. Mchicha na kisamvu unachokula wewe usikiache, unakihitaji.

Habari ya mchango nitaisema kwa uwazi. Dawa za miti shamba anazonyweshwa mtoto wa wiki tano ndizo zinaweza kumletea kuhara kwa kweli, kwa maji yaliyotumika, kwa kikombe, na kwa kilichomo ndani ambacho hakuna anayejua kipimo chake. Kijani peke yake hakihitaji dawa yoyote.

Wangu kinyume: ana miezi miwili na hajapata choo siku ya tano leo.

Anacheza, tumbo laini, anajamba, anakojoa vizuri? Subiri. Baada ya wiki 6 hivi watoto wengi wanaonyonya tu hupunguza, na wengine hukaa hata wiki. Kikitoka kikiwa laini, hakuna tatizo. Usimwekee sabuni wala kipande cha mti nyuma. Tumbo likivimba na kukaza, au akitapika, mlete siku hiyohiyo. Mtoto wa chini ya mwezi asiyepata choo ni jambo jingine: mlete tuangalie kama anashiba.

Sasa kuharisha kwenyewe nitakujuaje, kama choo laini mara kumi si kuharisha?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike. Usianze na hesabu, wala rangi. Anza na mtoto wako jana na juzi, kisha jiulize nini kimebadilika. Anayehara choo chake kimeacha ule mwendo uliouzoea: kimekuwa kingi zaidi ya kawaida yake na kimekuwa maji, maji kuliko choo. Ukifungua nepi unaona doa kubwa limenywewa lote, na juu hakuna mbegumbegu wala uji wowote. Harufu mara nyingi inageuka kuwa kali. Mama anayembadilisha mtoto kila siku analijua hilo kabla yetu, kwa hiyo ukihisi kwamba choo hiki si cha mwanangu, sikiliza hisia hiyo.

Kinachomdhuru mtoto anayehara ni maji na chumvi zinazomtoka, na kwa mtoto mdogo haichukui muda mrefu. Angalia kama mikojo imepungua au nepi imekaa kavu saa 6. Mdomo umekauka? Macho yameingia ndani? Utosi umebonyea akiwa ametulia na umempakata wima? Finya kidogo ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, kisha achia: ikirudi polepole, amepungukiwa maji. Anaweza kuwa analialia bila kutulizika, au akawa amelegea, anasinzia na kukosa hamu ya kunyonya. Huyu wa kulegea ndiye wa kukimbia naye, hata kama kelele zimeisha nyumbani na watu wanasema sasa amepata usingizi.

Mlete bila kusubiri kesho ukiona damu kwenye choo, kutapika kila kitu, degedege, homa ya nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili kuwa wa baridi. Mtoto wa chini ya miezi miwili anayetoa choo cha maji aletwe hata kama hana dalili nyingine. Usimtibu nyumbani.

Akiharisha nimwachishe titi kwanza tumbo lipumzike?

Hapana, mdogo wangu. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na kwa muda mrefu zaidi, mchana na usiku. Maziwa yako yanarudisha maji yanayotoka na yana kinga inayopambana na wadudu. Usimpe maji ya kawaida wala uji mwepesi. Kabla ya miezi 6 hahitaji, hata kwenye joto la hapa kwetu.

Pamoja na titi, mpe maji ya ORS. Pakiti ya lita moja inachanganywa na lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Soma pakiti, kwa sababu zipo za nusu lita. Usigawe pakiti kwa kukisia. Kila akipata choo cha maji mpe mililita 50 hadi 100, kwa kikombe safi na kijiko, polepole. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena taratibu zaidi. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Kituoni atapewa pia vidonge vya zinki: aliyefikisha miezi 2 na hajafika 6 hupewa nusu ya kidonge cha miligramu 20, kikiyeyushwa kwenye maziwa yako, kila siku kwa siku 10 hadi 14. Umalize hata kuhara kukikoma siku ya tatu.

Duka la dawa wamenipa dawa ya kufunga choo na fulajili.

Za kufunga choo hazipewi mtoto mchanga kabisa, zinaweza kulemaza utumbo. Fulajili na antibayotiki nyingine anaandika mtaalamu baada ya kumpima. Kuhara kwingi kwa watoto kunasababishwa na virusi, na antibayotiki haziviui. Kuna virusi vya rota, ambavyo mtoto anachanjwa kwa matone ya mdomoni akiwa wiki 6 na wiki 10. Usiruke tarehe hizo.

Mama mkwe anasema ni meno ya plastiki. Jirani anasema nimembemenda.

Kitu cheupe unachokiona kwenye ufizi ni jino la mtoto mwenyewe, bado halijatoka. Wanaoling'oa wanatumia vyuma visivyochemshwa, na mtoto anapoteza damu, anaweza kupata pepopunda, VVU, au kufa. Nakuomba kwa moyo wote usimpeleke. Anayehara na kupelekwa huko anapoteza saa alizopaswa kunyonya na kunywa ORS.

Na kubemenda: tendo la ndoa halichafui maziwa. Mtoto akidhoofu ana ugonjwa au hapati chakula cha kutosha, na vyote viwili vinatibika. Mkiogopa mimba ya haraka, njooni wote wawili kwenye uzazi wa mpango. Hakuna sababu ya mwanamke kubeba lawama hiyo.

Choo cheupe je?

Cheupe kama chokaa au kijivu cha udongo mfinyanzi, hasa kama macho ni manjano na mtoto amepita wiki 2, ni hatari. Njia ya nyongo inaweza kuwa imeziba, na upasuaji unafaa zaidi ukifanywa mapema. Njoo kesho asubuhi, si wiki ijayo. Cheusi kilichorudi baada ya zile siku za kwanza nacho kionwe, ingawa wakati mwingine ni damu ya chuchu iliyopasuka ambayo mtoto ameimeza.

Nikija nije na nepi yenyewe? Naona aibu.

Njoo nayo, ikiwa imefungwa vizuri, au piga picha kwa simu kabla hujaitupa, mchana, karibu na dirisha. Andika pia ni mara ngapi tangu asubuhi na amekojoa mara ngapi. Ukifika usisubiri foleni kama amelegea. Mwambie nesi wa kwanza utakayemwona mlangoni.